Swali fupi la nadharia mbili: Mfano uwe mmoja

“Linganisha nadharia ya uamilifu na ya ukinzani kuhusu matabaka. (Alama 6)”

Nikisahihisha majibu ya swali kama hili hapa Eldoret, mara nyingi hukuta fasili mbili zilizokaririwa vizuri, kila moja na mfano wake. Huo si ulinganishi; ni majibu mawili yaliyobandikwa pamoja.

Dawa yake ni mfano mmoja. Chukua daktari na mfagiaji wa hospitali ile ile.

Anza na fasili. Waamilifu Davis na Moore (1945) walidai kwamba malipo makubwa huwavuta wenye vipaji kwenye kazi muhimu zinazohitaji mafunzo marefu. Wakinzani, wakimfuata Karl Marx, huona matabaka kuwa zao la kundi moja kumiliki mali na kulinda maslahi yake.

Sasa leta mfano: kwa mwamilifu, daktari hulipwa zaidi kwa sababu ya miaka aliyosomea, ilhali mkinzani atauliza, karo hiyo ilitoka mfuko wa nani? Hilo “ilhali” ndilo linalobeba ulinganishi.

Malizia kwa kuhakiki pande zote mbili. Melvin Tumin (1953) alihoji umuhimu wa kazi unapimwaje. Hebu wafagiaji wagome wiki moja, wodi zitakuwaje? Nao ukinzani, kwa kukazia mvutano, hautuelezi vyema kwa nini wawili hawa hushirikiana kila siku.

Ukihakiki nadharia moja tu, jibu lako ni nusu.