Sura ya Pili: Asubuhi ya Kwanza ya Wanagenzi wa Maabara

Kila mwaka hunijia wanagenzi wapya wa maabara ya hospitali, vijana waliokwisha kusoma vitabu na kufaulu mitihani, nami hupewa robo saa ya kuwakaribisha. Nimehudhuria hutuba nyingi za namna hii, zilizojaa shukurani na historia ya jengo, ambazo mwanagenzi hutoka kwazo asijue hata mahali pa kuosha mkono akichomwa na sindano. Kwa ajili hiyo naona heri nieleze hapa yale nisemayo mimi, pamoja na sababu zake.

Kabla ya kusema lolote huketi mbele yao, nikakunja mkono wa shati, nikamwomba mwenzangu anitoe damu katika vichupa viwili, kwanza chenye kifuniko chekundu, kisha chenye kifuniko cha zambarau, kila kimoja kama mililita 4. Huvipinduapindua taratibu mara chache, akavisimamisha juu ya meza, na hapo ndipo ninapoanza.

“Karibuni, wanangu. Mikoba na chakula huachwa chumba cha nje, kwa kuwa humu ndani hapaliwi wala hapanywewi kitu. Sindano iliyokwisha kutumika hairudishiwi kifuniko chake, bali hutumbukizwa papo hapo katika sanduku la sindano. Ikikuchoma, usipafinye wala usipafyonze palipochomwa; paoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, uje kwangu saa ile ile, uwe umekosea au hukukosea, maana dawa za kujikinga na Virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa mapema, na zikipita saa 72 hazitolewi tena.”

Hayo huyasema upesi, kwani hayana ubishi. Linalofuata ni la mumiani, nalo hulisema bila ya kutabasamu. Katika pwani yetu na bara yake watu wamesimuliana tangu zama za ukoloni habari za watu wanaonyonya damu ya wenzao ili iuzwe, na hata leo yupo mama ambaye akiona vichupa vitatu vya damu ya mwanawe huuliza vinapelekwa wapi. Uvumi huo ni upuuzi mtupu, nao huwadhuru wagonjwa wanaoikimbia hospitali kwa ajili yake. Lakini mwanagenzi anayemjibu mama huyo kwa kicheko huuthibitisha kuliko msimuliaji wake. “Mwamkie kwanza,” huwaambia, “kisha mwambie kwamba vichupa vitatu havifiki kijiko kimoja kikubwa cha chakula, wala havitoshi kumfaa mtu mwingine yeyote, kwamba vikishapimwa huwekwa siku chache, labda daktari atataka kurudia, kisha huteketezwa. Akitaka kuiona maabara, mleteni.” Amma kwa mtu mzima, mwenye damu kadiri ya lita 5, kiasi hicho mwili hauna habari nacho.

Dhana inayonichosha zaidi, kwa kuwa hushikwa na watu waliosoma, ni ile ya kwamba mashine ndiyo inayopima, na kwamba likitoka jawabu la makosa basi mashine imeharibika. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya makosa ya maabara hutendeka kabla kichupa hakijaikaribia mashine, yaani kitandani kwa mgonjwa, mikononi mwa aliyeitoa damu. Nilikuwa nimekusudia kuipa kauli hii mifano minne iliyo sawa kwa urefu, lakini upo mmoja ambao kila nikiuanza hunichukulia wakati wote, nami sioni vibaya uuchukue.

Katika hospitali moja niliyopata kufanya kazi lilitoka jawabu la mzee mmoja, potasiamu 9.4, ilhali ya mtu mzima mwenye afya huwa baina ya 3.5 na 5 hivi. Kiasi kama hicho husimamisha moyo. Daktari alikwisha kuagiza dawa ya kuishusha, na lau ingalipita mshipani, potasiamu ya mzee, ambayo kwa kweli ilikuwa sawasawa, ingalishuka mpaka ikawa hatari ya pili. Muuguzi ndiye aliyepiga simu, akasema, “Mzee mwenyewe amekaa kitandani anakunywa uji.”

Niliitazama karatasi tena, nikaona chini yake kalisi 0.9, nayo yapasa iwe zaidi ya 2. Mwenye kalisi ya namna hiyo hukakamaa vidole na kushikwa na mitukutiko, hawezi kushika kikombe cha uji. Majawabu mawili yasiyowezekana, moja juu na moja chini, katika kichupa kimoja: hapo nilijua kilichotokea hata kabla sijamuuliza mwanagenzi aliyeitoa damu. Mishipa ya mzee ilikuwa myembamba, kichupa cha zambarau kikajaa, chekundu kikapata matone tu. Naye, kwa kumwonea huruma asimchome tena, akafungua vifuniko akamimina kidogo kutoka cha zambarau kutia katika chekundu.

Kichupa cha zambarau kina dawa iitwayo EDTA, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Damu haiwezi kuganda bila ya kalisi, na dawa hii kazi yake ni kuikamata kalisi yote isiiachie, ili chembe za damu zihesabiwe zikiwa zinaelea. Lakini dawa yenyewe hutiwa humo kwa namna ya chumvi ya potasiamu. Basi tone lake likiingia katika kichupa chekundu hufanya mambo mawili kwa mara moja: huongeza potasiamu isiyokuwa ya mgonjwa, na huficha kalisi iliyo yake. Mashine ilipima barabara kilichotiwa ndani yake. Tulimchoma mzee upya, kwa radhi yake, potasiamu ikawa 4.3 na kalisi 2.3.

Potasiamu hupanda kwa uongo kwa njia nyingine pia. Chembe zikipasuka kwa kuvutwa damu kwa nguvu, maji ya damu huwa mekundu badala ya manjano, na kichupa kikilala usiku kucha kwenye jokofu bila ya kuzungushwa na kutenganishwa, potasiamu huvuja toka ndani ya chembe. Ila katika hali hizo mbili kalisi hubaki mahali pake. Kwa sababu hiyo huwaambia: potasiamu ikikutisha, tazama kalisi kabla hujatoa jawabu. Na kitandani, kichupa chekundu hutangulia cha zambarau daima, wala damu haimiminwi toka kichupa hiki kwenda hiki; ikipungua, rudi kwa mgonjwa umwombe radhi umchome tena.

Neno la mwisho ni la jina. Usimwambie mgonjwa, “Wewe ndiye Asha Juma?” kwani mwenye homa au uziwi huitikia naam kwa lolote, muulize, “Jina lako kamili nani?” umwache aseme mwenyewe, kisha ulinganishe na cheti. Na kichupa huandikwa jina baada ya damu kuingia, hapo hapo mbele yake, si mezani asubuhi kabla ya kwenda wodini, maana kichupa kitupu chenye jina hakikosi siku moja kujazwa damu ya jirani.

Baada ya hapo huwazungusha vyumbani, nikawaonyesha sinki na mlango wa dharura, na ikitimia nusu saa huwarudisha mezani kwenye vichupa vyangu viwili. Humwita aliye mdogo kuliko wote avilaze kwa upole. Katika cha zambarau damu huteremka ubavuni kama ilivyotoka mkononi mwangu. Katika chekundu haisogei, imeshikamana kama maini. Humwomba akishike chekundu, huku nikikiinua kile kingine juu yake kana kwamba nataka kumimina, na hapo mara nyingi mwanagenzi huuondosha mkono wake mwenyewe.