Bega la Shati Halibebi Jaketi la Baridi

Kijana mmoja aliyekuwa anajiandaa kwenda kusoma Toronto aliniletea shati lake linalomkaa vizuri, akaomba nimshonee jaketi la baridi, lile la kujazwa pamba ya poliesta, kwa vipimo vya shati hilo. Nilifuata shati, nikaongeza sentimita 2 kwenye mzingo wa mkono na kifua. Siku ya kujaribu, zipu ilifunga bila shida. Alipopeleka mikono mbele kama anayeshika usukani, mgongo ukakaza, pindo likapanda kiunoni, na mikono ya jaketi ikarudi nyuma ikaacha vifundo wazi.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya unene. Kitambaa cha shati ni chembamba, kwa hiyo mzingo wake wa ndani na wa nje ni kama mmoja. Pamba yenye unene wa sentimita 1 ikiuzunguka mkono, wengi tunadhani inadai sentimita 2, moja kila upande. Ukweli ni kwamba mzingo hukua mara 6 na kidogo ya unene ule. Sentimita 1 ya pamba inadai takriban sentimita 6 za kitambaa cha nje. Ukimnyima, pamba inabanwa. Nayo pamba haina joto lake yenyewe. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa ndani yake. Pamba iliyobanwa begani haina hewa, na hapo ndipo baridi itakapoingilia.

Basi nikaanza upya na mkono. Msuli wa juu wa kijana ulipimwa sentimita 32. Akiwa na shati na sweta ilikuwa 35. Nikaongeza 6 za kupumua, nikapata 41: huo ndio upana wa bitana. Kitambaa cha nje nikakikata 47. Mkono wa shati lake ulikuwa 38 tu. Angalia kwamba bitana na nje havilingani. Ukivikata sawa, bitana inajikunja ndani na kuisukuma pamba.

Bega halizungukwi na pamba kama mkono. Pamba inalala juu yake. Hapo mahitaji ni mawili. Kwanza, ncha ya bega kwenye kiolezo nikaipandisha sentimita 1, mbele na nyuma, ili unene upate mahali pa kukaa. Pili, urefu wa bega kutoka shingoni nikautoa 15 hadi 16.5, kwa kuwa pamba inausukuma mshono utoke nje. Usipofanya hivyo, mshono unapanda juu ya bega na kuvuta kola.

Kisha kwapa. Nilishusha sentimita 2.5, na kifuani nikaongeza kama 2 kwa kila robo ya mwili. Kishawishi ni kushusha kwapa zaidi ili mtu apate nafasi. Usifanye. Kwapa likiwa chini sana, mtu akiinua mkono anainua jaketi zima, na baridi inapita tumboni. Nafasi ya kusogea inatoka kwenye upana, hasa mgongoni.

Baada ya hapo pima duara la kwapa kwa futi kamba. Langu lilitoka 47 likafika 55. Kilima cha juu cha mkono lazima kilingane nalo. Nilikiacha na kimo cha sentimita 12 kama cha shati. Kwa kuwa mkono wenyewe ulishapanuka, ukingo wa kilima nao ulirefuka kama sentimita 8. Ukikiongezea kimo, mkono utaning'inia vizuri mtu akisimama, lakini hatauinua.

Limebaki jambo moja linaloharibu kazi nzuri: mishono ya kushikilia pamba hukivuta kitambaa. Shona kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30, kisha kipime tena. Kikirudi 28.5, umepoteza asilimia 5, na mkono uliokatwa 47 utabaki chini ya 45. Mimi hushona kipande kikubwa na pamba yake kwanza, ndipo naweka kiolezo na kukata. Kwenye mshono wa bega napunguza pamba ukingoni, usije ukawa gogo.

Jaketi la pili kijana alilijaribu juu ya sweta. Alikumbatia mabega yake mwenyewe, akainua mikono, akashusha. Mikunjo ya kuvuta kutoka kwapani kwenda kifuani haikuonekana, na pindo lilipanda vidole viwili tu. Nilipobonyeza pamba begani kwa kidole na kuachia, ilirudi juu.