Faraja Isiyodanganya Wodini

Mgonjwa wa saratani ya umio, ile njia ya chakula iendayo kutoka kooni hadi tumboni, huijua hali yake kabla ya mtu yeyote kumweleza. Ugonjwa huu, unaopatikana kwa wingi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, huanza kwa tonge la ugali kukwama. Baadaye hupita wali laini tu, kisha uji, na mwishowe hata maji husumbua. Wengi hufika hospitali wakiwa wamefikia hapo, wakati ambapo kuuondoa ugonjwa kabisa mara nyingi hakuwezekani tena. Kinachowezekana ni kupunguza mateso: mionzi, au bomba la wavu linalowekwa ndani ya umio ili chakula laini kipite, pamoja na dawa za maumivu.

Mume anayekaa pembeni mwa kitanda cha mke mwenye ugonjwa huu, tuseme katika wodi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, huwa na maneno tayari mdomoni: "Usijali mama watoto, utapona tu, wiki ijayo tuko nyumbani." Anayasema kwa mapenzi. Lakini mkewe asubuhi hiyo alijaribu kumeza kijiko cha uji kikarudi. Maneno hayo yanapingana na alichokihisi kooni mwake, kwa hiyo hubaki na maelezo mawili: ama mumewe hajui, ama anajua lakini hawezi kuvumilia kulizungumza. Mara nyingi huliamini la pili. Na kwa kuwa naye anampenda mumewe, huanza kumkinga. Kuanzia hapo, kila akiulizwa hali, hujibu kwamba anaendelea vizuri.

Madhara ya ukimya huo hayaishii moyoni. Maumivu makali ya saratani hutibiwa kwa mofini ya maji, ambayo mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na daktari hupandisha dozi kwa kufuata anachosema mgonjwa mwenyewe. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha ukali wa maumivu. Mke anayemkinga mumewe atamwambia nesi, mume akiwa amesimama hapo, kwamba hana shida. Dozi hubaki ileile, na usiku huwa mrefu. Furaha ya kulazimisha huweza hivyo kumnyima mgonjwa dawa iliyopo kabatini. Dalili za hali hii zinaonekana kwa anayetazama: majibu mafupi, uso unaogeukia ukutani, mazungumzo yanayohamishiwa kwenye nauli na watoto kila hali yake inapotajwa, na maswali mazito yanayoachwa hadi azungumze na nesi wa zamu ya usiku.

Dawa ya ukimya huu ni kuuliza kabla ya kusema. Mwaka 2000 madaktari Walter Baile na Robert Buckman, pamoja na wenzao, waliandika mwongozo wa hatua sita wa kumpa mgonjwa wa saratani habari nzito, na moja ya hatua za mwanzo ni kuuliza mgonjwa mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. Mwongozo huo ni wa madaktari, lakini hatua hiyo inamfaa zaidi mwenzi, kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa bila kujiandaa.

Mke akisema, "Baba watoto, hivi mimi nitapona kweli?" jibu la kwanza linaweza kuwa, "Leo umekuwa ukiwaza nini?" Kisha mume anyamaze, hata kama kimya hicho kitachukua dakika nzima. Huenda mke hawazi kifo. Huenda anawaza ada ya muhula ujao, au anaogopa kukabwa na mate akiwa usingizini. Hofu ya mate ina ufumbuzi wa siku hiyohiyo: nesi huinua kichwa cha kitanda na kuonyesha jinsi ya kulala. Mume aliyeharakisha kusema "utapona" asingeijua.

Na ikiwa ni kifo anachokiwaza, mume anaweza kusema kilicho kweli: "Natamani sana upone. Daktari hajaniambia kwamba utapona, na mimi pia naogopa. Lakini sikuachi peke yako na jambo hili." Tamaa imesemwa kama tamaa, hofu imekubaliwa, na hakuna kilichoahidiwa ambacho mwanadamu hana uwezo nacho. Machozi yakimtoka mume hapo, hayaharibu kitu. Kinachoharibu ni mke kulazimika kumbembeleza mumewe kwa saa nzima.

Kuacha uongo hakumaanishi kumwaga kila kitu. Wapo wagonjwa wasiotaka kuambiwa yote, na hiyo ni haki yao. Mke huulizwa kama angependa daktari azungumze naye mwenyewe, au na mume kwanza, au wote wawili wakiwa pamoja. Anayejibu "leo sitaki" ameshajibu, na swali linaweza kurudi siku nyingine. Hali ni tofauti kabisa ndugu wanapomwomba daktari amfiche mgonjwa bila mgonjwa mwenyewe kuulizwa. Hapo ndipo uongo mmoja huzaa mwingine kila saa ya kutembelea wagonjwa.

Ahadi zinazofaa ni ndogo na zina muda. "Nitakuwa nawe siku zote" huvunjika jioni ileile mlinzi anapowatoa wageni. "Kesho nitakuja saa kumi, na dada yako atakuja asubuhi" inaweza kutimizwa, na ikitokea foleni, simu moja kwa nesi huiokoa. Vivyo hivyo, hakuna anayeweza kuahidi kwamba maumivu hayatakuwepo, lakini mume anaweza kuahidi kwamba yakianza atamwita nesi bila kungoja saa ya dawa ifike.

Matumaini nayo hubaki, ila hubadilisha kinachotumainiwa. Mke anaweza kutamani kunywa kikombe cha uji bila kukohoa, au kuzungumza na mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba. Matakwa ya namna hiyo yanastahili kuulizwa na kupangiwa siku. Sala na dua pia zina nafasi kubwa kwa wagonjwa wengi, mradi zisitumiwe kukata maneno. "Mungu ameshakuponya, usiseme hayo" humfunga mdomo mgonjwa. "Ungependa tukuombee nini leo?" humfungua, na wengi huomba usingizi, au nguvu, au watoto wasitawanyike.

Uchungu wa mume mwenyewe lazima uwe na pa kwenda. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Silk, akiandika na Barry Goldman, alieleza jambo hili kwa duara: mgonjwa yupo katikati, walio karibu naye wanamzunguka, na wengine wako nje zaidi. Faraja huelekezwa ndani, malalamiko huelekezwa nje. Hofu ya deni na uchovu wa usiku humfaa kaka, rafiki, shehe au padri, au mhudumu wa tiba shufaa, yule anayeshughulikia maumivu na mahangaiko ya mgonjwa pamoja na familia yake.

Siku za mwisho mgonjwa husinzia zaidi na kukataa chakula. Kumlazimisha uji ili "apate nguvu" ni hatari, kwani huweza kuingia kwenye mapafu. Midomo hulowanishwa kwa pamba yenye maji. Maswali hupungua, na mume huzungumza kwa sentensi fupi zisizodai jibu: kwamba yeye yupo, kwamba watoto wamekula, kwamba nesi anakuja. Anapopokewa na ndugu mwingine, humweleza kando ya kitanda dawa ilitolewa saa ngapi, mgonjwa aliuliza nini, na alijibiwa nini, ili anayeingia zamu asije akamwambia kinyume.