Nguo 17 kwenye kamba moja

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea Dar es Salaam, binti wa kaka yangu alinitumia picha ya chumba chake cha kupanga Sinza. "Shangazi, nguo zinakauka lakini zinanuka uvundo. Nimeshabadilisha sabuni mara mbili."

Sabuni sikuiwazia. Nilihesabu nguo: 17 kwenye kamba moja, zimebanana kama abiria wa daladala. Taulo lilikuwa limekunjwa juu ya kamba, jinzi imeegemea ukuta, dirisha limefungwa, na feni inapuliza kitanda.

Uvundo ule huletwa na bakteria, hasa mmoja aitwaye Moraxella osloensis, anayejilisha mabaki ya jasho na mafuta ya ngozi yaliyong'ang'ania kwenye nyuzi. Nguo ikichelewa kukauka, anazaliana. Ikikauka, hafi wote. Ndiyo maana shati huweza kutoka kabatini halina neno, likianza kunuka mara tu jasho linapoligusa. Hilo picha haiwezi kuonyesha, ikabidi niulize: zinanuka lini? "Nikishavaa kidogo tu," akajibu. Kumbe wadudu walikuwa wameshaweka makazi, na kupanga kamba upya peke yake kusingetosha.

Kwa hiyo tulianza na ndoo. Taulo, mashuka na fulana za pamba alizifua kawaida, akaziloweka nusu saa kwenye maji nusu ya kuchemka na nusu ya bomba; mchanganyiko huo hukaribia nyuzijoto 60. Maji yanatangulia kuchanganywa, nguo zinafuata, na mkono hauingizwi humo, mwiko wa mti unatosha. Nguo za sufu, hariri na zenye mpira hazimo katika hesabu hii. Tena nilimkataza kuacha nguo kwenye povu usiku kucha: asubuhi maji yale yanakuwa mchuzi wa bakteria.

Kisha kamba. Afue nguo 6 au 7 kwa siku badala ya kulimbikiza za wiki nzima. Kati ya nguo na nguo upite upana wa kiganja, ndefu ikipakana na fupi. Jinzi igeuzwe ndani nje, mifuko ikining'inia, kwa kuwa kiuno na mifuko ndivyo hukauka mwisho. Taulo lining'inizwe kwa ncha moja, lisikunjwe. Feni ipulize katikati ya nguo kuelekea dirishani, nalo liwe wazi kila mvua inapokatika, la sivyo unyevu unazunguka humo humo.

Picha ya pili ilikuja baada ya siku nne. Kamba ilikuwa safi, ila nyuma ya kabati niliona madoa meusi ukutani. Ule ni ukungu. Nikamwambia asogeze kabati mbali na ukuta kabla hajarudisha nguo hata moja.