Mafuta ya Sydney na Mlango wa Hormuz

Meli inayopeleka dizeli Sydney kutoka Korea Kusini haipiti Mlango-Bahari wa Hormuz. Hushuka kupitia Pasifiki hadi Ghuba ya Botany na kupakua shehena yake Kurnell. Hata hivyo Hormuz ukifungwa, Sydney itaumia, maana dizeli hiyo ilikwisha kusafiri mara moja ikiwa bado mafuta ghafi: ilipakiwa katika bandari kama Ras Tanura ya Saudia, ikavuka Hormuz na Malaka, ndipo ikafika kwenye mitambo ya Ulsan.

Zamani Sydney ilisafisha mafuta yake yenyewe. Kiwanda cha Clyde kiliacha kazi hiyo mwaka 2012, na cha Kurnell mwaka 2014, vyote viwili vikishindwa kwa bei na viwanda vikubwa vya Asia. Kurnell pakabaki matangi na gati. Kibiashara uamuzi ulieleweka, lakini turufu ilihama: mafuta yakiadimika, nchi yenye kiwanda hujitosheleza kwanza, na serikali yake ikizuia mauzo ya nje, mwenye matangi matupu hana la kufanya. Kupewa mafuta ghafi hakumsaidii, hadi ayapeleke kwenye mojawapo ya viwanda viwili vilivyobaki Australia, Brisbane na Geelong.

Huko Hormuz kwenyewe, mwaka 2024 yalipita mapipa takriban milioni 20 kwa siku. Saudia ina bomba linalokatiza nchi hadi Yanbu, kwenye Bahari ya Shamu, lenye uwezo wa mapipa kama milioni 7 kwa siku. Imarati inalo la kufika Fujairah, dogo zaidi. Mabomba hayo hayawezi kuchukua mzigo wote, ila yanabadili mazungumzo. Saudia inaweza kuendelea kuuza sehemu ya mafuta yake mlango ukiwa umefungwa. Kuwait na Qatar haziwezi, kwa hiyo kila ugomvi na Iran huzigharimu zaidi, nazo hulazimika kupima maneno.

Australia nayo ina turufu, ingawa nzito kuitumia. Japani na Korea Kusini hununua gesi yake iliyosindikwa kuwa kimiminika, na gesi hiyo haipiti Hormuz. Lakini huuzwa na makampuni kwa mikataba ya miaka mingi. Serikali ikiizuia ili ipate dizeli, itapoteza sifa ya muuzaji wa kutegemewa, ambayo ndiyo iliyowavutia wateja hao.

Upungufu wa dizeli mara nyingi hauonekani kwanza katika bei ya mafuta ghafi. Hutangulia kuonekana katika tofauti kati ya bei hiyo na bei ya dizeli katika soko la Singapuri. Tofauti ikipanuka ghafla, huenda wenye viwanda wameanza kubana, na meli za kwenda Ghuba ya Botany zikapungua wiki chache baadaye.