Kuhakiki Heksadesimali kwa Njia ya Desimali

Kugeuza namba ya binari kuwa heksadesimali ni kazi fupi: biti hukatwa katika makundi ya nne nne, na kila kundi likapewa tarakimu moja. Ufupi huo ndio unaowafanya wengi waandike jibu na kupita. Naona jibu hilo halistahili kuaminiwa mpaka namba zote mbili, ile ya binari na ile ya heksadesimali, zigeuzwe kuwa desimali kila moja kwa njia yake, kisha zilinganishwe.

Tuchukue 1011011110. Tukikata kuanzia kulia tunapata 10, 1101 na 1110, yaani 2, D na E, hivyo jibu ni 2DE. Katika binari, nafasi ya kwanza kulia ina thamani ya 1, na thamani hiyo huongezeka maradufu kila tunaposogea kushoto. Nafasi zenye 1 zinatupa 512 + 128 + 64 + 16 + 8 + 4 + 2, jumla 734. Katika heksadesimali thamani huzidishwa kwa 16 kila hatua: 2 × 256 ni 512, D ni 13, na 13 × 16 ni 208, E ni 14. Jumla ni 734 tena. Aliyekata kuanzia kushoto angepata 1011, 0111 na 10, akaandika B72, ambayo ni 2930, na kosa lingejitokeza mara moja. Aliyeandika C badala ya D angepata 718. Upungufu wa 16 kamili unamwelekeza kwenye tarakimu ya pili kutoka kulia, kwa sababu kosa la tarakimu ya mwisho peke yake haliwezi kuzidi 15.

Atakuwapo wa kusema kwamba ni rahisi zaidi kuirudisha kila tarakimu kwenye biti zake. Ni rahisi kweli, lakini njia hiyo inategemea jedwali lile lile. Aliyekariri kwamba 1101 ni C ataisoma C kuwa 1101 anaporudi, na kosa lake litapita salama. Desimali humtaka aseme C ni ngapi. Akijibu 12, hesabu inakataa kulingana.

Hata hivyo, uhakiki huu una mipaka. Anayedhani herufi zinaanza na A kuwa 11 ataandika 2CD, na kwa dhana hiyo hiyo atarudi kwenye 734, ilhali 2CD ni 717. Vilevile, biti iliyonakiliwa vibaya tangu mwanzo huzaa majumla mawili yanayolingana. Kwa hiyo kabla ya kuanza, biti zisomwe upya dhidi ya swali, na pembeni iandikwe kwamba A ni 10 na F ni 15. Majumla yakilingana baada ya hapo, ubadilishaji wenyewe umethibitika.