Utani ukikosa kicheko mkutanoni

Umefungua mkutano Palma kwa utani, na watu wako kimya. Usiurudie wala kuueleza. Subiri kwanza mkalimani amalize, maana wanaofuata kwa Kimwani au Kimakonde hucheka baada ya tafsiri. Kimya kikiendelea, kitaje chenyewe: “Naona utani wangu umepanda jahazi, na leo hakuna upepo.” Hapo unajicheka mwenyewe, humlaumu msikilizaji, ndiyo maana naye huweza kucheka. Sema mara moja tu, kisha ingia kwenye ajenda. Ukiongeza la pili utaonekana unaomba kicheko. Lakini ukiona watu wameinamisha macho, huenda umegusa msiba au safari ya kukimbia vita. Hapo usitanie tena: waombe radhi, kisha endelea.